Kutoka gololi hadi ABS: historia ya breki za mlimani

Gari likisimama kwenye mwinuko, dereva anayetaka kuondoka huutoa mguu wa kulia kwenye breki na kuuhamishia kwenye mafuta. Katika kitambo hicho gari la gia za mkono halishikwi na kitu. Kwenye mwinuko unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, gari lililoachiwa hurudi nyuma karibu nusu mita katika sekunde ya kwanza, na sekunde ya pili ikiisha limeshafika karibu mita 2. Kwenye foleni, umbali huo unatosha kabisa kugonga gari la nyuma.

Kampuni ya Kimarekani ya Studebaker ilileta dawa ya tatizo hilo mwaka 1936, kwenye gari lake lililoitwa President. Ndani ya njia ya mafuta ya breki kuliwekwa gololi. Gari likiinua pua na klachi ikiwa imekanyagwa, gololi hubingirika nyuma na kuziba tundu, mafuta yakabaki na shinikizo hata dereva akiondoa mguu kwenye breki. Akiiachia klachi, mtambo uliounganishwa nayo huisukuma gololi pembeni na breki hulegea. Hapakuwa na umeme wala kompyuta. Mlima wenyewe ndio uliofanya kazi. Wazo hilo lilidumu: katika miaka ya 1980 Subaru ilikuwa bado inauza magari yenye vali ya namna hiyo, iliyovutwa kwa kebo ya klachi.

Magari ya leo hufanya kazi ileile kwa pampu na vali za ABS. Kihisi cha mwinamo huutambua mlima, na vali huyafungia mafuta ya breki kwa takriban sekunde 2 baada ya mguu kuondoka, au hadi injini ianze kulivuta gari. Sekunde hizo ndizo dereva anazopaswa kuziweka akilini. Zikiisha kabla hajakanyaga mafuta, breki huachia na gari hurudi nyuma. Kwa hiyo msaada huu unafaa kwa kuondoka tu, si kwa kusubiri foleni isogee, na hauchukui nafasi ya hendibreki. Taa ya ABS ikiwaka kwenye dashibodi, ni salama kuchukulia kwamba msaada huo haupo na kuondoka kwa hendibreki kama zamani.

Upande wa kuteremka ulisubiri hadi mwaka 1997, Land Rover ilipotoa Freelander. Gari hilo halikuwa na zile gia nzito za ziada ambazo ndugu zake wakubwa walizitumia kushuka taratibu bila breki. Wahandisi waliziba pengo hilo kwa kuigeuza kazi ya ABS: badala ya kulegeza breki peke yake, iliweza pia kuzikaza yenyewe. Dereva alibonyeza kitufe kwenye gia, akaweka namba moja, akaondoa miguu yote.

Kwenye mteremko wa matope faida yake huonekana wazi. Mguu wa binadamu hukanyaga pedali moja inayobana magurudumu yote. Mtambo husoma mwendo wa kila gurudumu na kulibana peke yake, na likitaka kuganda huliachia mara moja, huku mengine yakiendelea kubanwa. Mikono ya dereva hubaki na kazi ya usukani tu. Mlio wa kukoroma na pedali inayotetemeka ni pampu ikifanya kazi, si ubovu. Mtambo huwashwa juu, kabla ya kuanza kushuka, na klachi haikanyagwi njiani, kwa sababu injini ikitengwa na magurudumu mzigo wote huhamia kwenye breki. Tairi zote nne zikikosa mshiko, gari litateleza tu. Pampu haiwezi kubana ardhi.

Kosa baya zaidi ni kuutegemea mtambo huu kwenye mteremko mrefu wa lami, kama Kitonga mkoani Iringa. Gari la tani 2 likishuka mita 100 za kimo kwa mwendo usiobadilika, nguvu inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha lita 6 za maji. Mtambo ukilizuia gari kwa breki, sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye diski na pedi, na kila mita 100 nyingine huongeza kiasi kilekile. Mifumo mingi hujizima breki zikipata moto kupita kiasi, na taa yake humjulisha dereva. Wakati huo mguu unatakiwa uwe tayari kwenye pedali. Harufu ya kuungua ikisikika, au pedali ikianza kuzama, gari husimamishwa mahali salama na breki huachwa zipoe. Kwenye barabara ya namna hiyo, gia namba mbili au tatu iliyowekwa kabla ya kuanza kushuka huiachia injini kazi kubwa ya kulizuia gari, na breki hukanyagwa kwa vipindi vifupi tu.