Kidato cha sita: digrii, diploma au VETA?

Msikilizaji, kabla ya kulipa ada ya maombi, hesabu pointi: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Digrii kwa kawaida hudai masomo mawili yenye A hadi E, jumla pointi 4.

Tumchukue kijana wa HGL mwenye D ya Historia, E ya Jiografia na S ya Kiingereza. Ana 3, digrii bado. Diploma anaweza kuomba, na akimaliza kwa GPA 3.0 ataomba digrii. Ila asome kwanza mwongozo wa TCU: digrii anayoitaka inapokea diploma ipi? Wengi hukwama hapo.

Kama lengo ni umeme wa majumbani, sisi tungemwelekeza VETA moja kwa moja.