Tumbusi wa Mtaa wa Muindi Mbingu

Ukiitazama picha hiyo haraka utaona ndege tu. Tumbusi aliyevaa suti, shingo imechomoza kwenye kola ya shati, amejinafasi kwenye kiti kama bosi ofisini. Kiatu chake kimemkanyaga mtu kichwani. Pembeni yake pameandikwa maneno ya Kiingereza, tena makali, yanayodai kwamba wabunge wamekuwa wakiwafanyizia Wakenya tangu 1963. Mchoro huo ulipulizwa kwa rangi za makopo mwanzoni mwa 2012, kwenye ukuta wa Mtaa wa Muindi Mbingu katikati ya Nairobi, jirani na soko la City Market. Waliouchora ni wasanii wa grafiti wanaojulikana kwa majina ya kazi, wakiwamo Swift na Bankslave, pamoja na mpiga picha Boniface Mwangi. Wenyewe waliuita MaVulture.

Wengi wetu huku Singida hatukuuona ukuta wenyewe. Tulichoona ni picha yake, na picha ya mchoro haisomwi kama unavyosomwa mchoro. Aliyepita mtaani aliuona ukuta pamoja na magari, wauza maua wa sokoni na vibao vya barabara. Sisi tumepewa kipande alichokichagua mwenye kamera. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mchoro unasema nini, inafaa kuuliza mambo mawili: ulichorwa lini, na nini kimebaki nje ya picha.

Tuanze na tarehe. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulizaa umwagaji damu uliokwenda hadi miezi ya mwanzo ya 2008. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na laki kadhaa wakakimbia makwao. Boniface Mwangi alikuwa akilipigia picha gazeti la The Standard wakati huo, na kazi yake ilimpeleka kule kwenye mapanga na nyumba zinazoungua. Baadaye alizitembeza picha hizo katika miji ya Kenya kwa maonyesho ya barabarani yaliyoitwa Picha Mtaani. Tarehe 1 Juni 2009, Siku ya Madaraka, alisimama katika uwanja wa Nyayo na kumpigia kelele Rais Mwai Kibaki akiwa anahutubia. Alikamatwa. Kisha ikaja Januari 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ikathibitisha mashtaka dhidi ya Wakenya wanne kuhusu ghasia zile, wakiwamo Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao wote wawili walikuwa wakijiandaa kuwania urais. Wiki chache baadaye tumbusi akatokea ukutani.

Ukishalijua hilo, maandishi yaliyo kwenye mchoro yanabadilika uzito. Ndege mwenyewe ndiye anayesema, na anasema bila aibu: kwamba yeye ni kiongozi wa kabila, kwamba watu wake wanapora, wanabaka, wanachoma na kuua kwa ajili ya kumtetea, ilhali yeye anaiba kodi zao na kunyakua ardhi, na mwishowe wajinga hao hao watampigia kura tena. Asiyejua habari za 2008 ataona maneno ya kejeli tu juu ya wanasiasa. Anayezijua ataona hati ya mashtaka, na ataona pia kwamba mshtakiwa wa pili ni mpiga kura. Jambo hili la pili husahaulika. Mtu aliyekanyagwa kichwani hakuchorwa kama mnyonge wa kuhurumiwa. Mchoro unamwambia kwamba kiatu kile amekiweka mwenyewe, na miaka mitano ikiisha atakirudisha palepale.

Na mwaka 1963 umekuja kwa sababu gani? Ndio mwaka wa Uhuru, Desemba 12. Wachoraji wangeweza kuandika 2007, au 1978 alipoingia Daniel arap Moi, na kila upande ungepata wa kumlaumu. Kwa kuandika 1963 walikataa kumwachia yeyote mlango wa kutokea. Ndani ya mwaka huo mmoja umebebwa mzigo mzima ambao Mkenya mtu mzima hahitaji kusomewa: Pio Gama Pinto kupigwa risasi Februari 1965, Tom Mboya Julai 1969, J. M. Kariuki 1975, kisha sakata la Goldenberg la miaka ya mwanzo ya 1990, pale hazina ya nchi ilipolipa fidia kubwa kwa dhahabu iliyodaiwa kuuzwa nje ambayo sehemu kubwa yake haikuwapo. Mboya aliuawa mchana kweupe katikati ya Nairobi, akitoka dukani, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ulipo ukuta huo.

Kuhusu ndege mwenyewe, nina neno. Mfugaji yeyote wa Mkalama au Manyoni atakwambia kwamba tumbusi haui. Husubiri mnyama afe, kisha anasafisha. Huyu wa ukutani hasubiri, ameshakanyaga mtu aliye hai. Kwa macho ya mtu wa porini, fisi angefaa zaidi, na Wakenya nao wamezoea kuwaita wabunge wao mafisi. Lakini nadhani kilichowavuta wachoraji ni umbo. Upara wa tumbusi, shingo ndefu na mabega yaliyoinama hukaa vizuri ndani ya suti, na kwa mbali, hata katika picha ndogo ya simu, unatambua mara moja ni nani. Mchoro huu ulibuniwa na watu wanaojua kamera. Maandishi ni makubwa ya kutosha kusomeka kwenye picha, na rangi zinatengana vizuri. Ukuta wa katikati ya jiji ni wa mtu au wa halmashauri, na rangi nyeupe ya kufutia haikosekani. Picha ndiyo ingebaki, na waliochora walijua hivyo.

Sasa tuje kwenye kilichobaki nje ya picha: kibao cha barabara. Katika nakala nyingi za picha hiyo hakionekani. Mtaa huo una jina la mtu aliyeongoza mapambano ya watu wa kawaida dhidi ya serikali katika mji uleule, na habari zake zinatuhusu sisi wa nchi ya ng'ombe kuliko pengine zinavyomhusu kijana wa Nairobi.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliamua kupunguza kwa nguvu mifugo ya Wakamba wa Machakos. Hoja yake ilikuwa mmomonyoko wa udongo, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Vilima vilikuwa vimekwanguka. Ambacho maofisa hawakupenda kukisema ni kwamba malisho yalikuwa yamebana kwa sababu ardhi nzuri ya pembezoni ilikuwa imegawiwa walowezi. Kulikuwa na jambo jingine pia. Kampuni ya nyama ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda Athi River, na kiwanda hakiendi bila ng'ombe wa bei ya chini. Basi kila mfugaji akapangiwa idadi ya kubaki nayo, na waliozidi idadi wakachukuliwa kwenda mnadani. Katika minada ya namna hiyo muuzaji hana uwezo wa kukataa bei. Mtu aliona ng'ombe wa mahari ya mwanawe akiondoka kwa pesa isiyotosha hata kununua ndama.

Wakamba waliunda chama chao, na msemaji wake akawa Muindi Mbingu. Mwishoni mwa Julai 1938 zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walishuka Nairobi wakapiga kambi Kariakoo, mahali ambapo hadi leo panaitwa Kariokor. Hawakurusha mawe. Walisema wanataka kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, na hawatarudi kwao mpaka wamwone. Wakakaa hapo wiki kadhaa. Serikali ilikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi kuliko kawaida, kwa kuwa Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari wa jeshi la KAR na wa polisi. Kuwaudhi wao ilikuwa sawa na kuwaudhi walinzi wako mwenyewe. Mwezi Agosti Gavana alikwenda Machakos kufanya baraza. Hakuwapa walichotaka. Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kunyang'anya ng'ombe kwa nguvu.

Wasomaji wenye umri wanajua kwamba mambo hayo hayakuishia Ukambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta upunguzaji wa mifugo wa lazima Tanganyika pia, Usukumani hasa, na chuki waliyoivuna huko ilikuja kuwa mbolea ya TANU. Sisi hapa tuna desturi yetu ya kuandika historia kwenye majina ya mahali: uwanja wa mpira uliokuwa Namfua sasa unaitwa Liti, jina la yule mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya wazee yanasema aliwaachia Wajerumani nyuki. Watu wanaimba jina hilo kila Jumamosi ya ligi, na sidhani kama nusu yao humfikiria mama huyo mpira ukiwa unachezwa. Nairobi ni vivyo hivyo. Mtaa wa Muindi Mbingu ni mahali pa kununua maua na kupandia matatu.

Sina ushahidi kwamba wachoraji wa tumbusi walichagua mtaa kwa ajili ya jina. Pengine walichagua ukuta mpana wenye watu wengi mbele yake, basi. Lakini msomaji ana haki ya kuviweka viwili hivyo pamoja, na ukiviweka, udhaifu wa mchoro unajitokeza. Waandamanaji wa 1938 walikuwa na dai moja linalopimika: rudisheni ng'ombe, acheni minada. Iliwezekana kujua siku gani wameshinda. Mchoro wa 2012 una hasira, una historia, una hata ujasiri wa kumkemea mwananchi mwenyewe, ila dai lake ni kwamba wapiga kura wabadilike, na hilo halina siku ya kukaguliwa isipokuwa siku ya uchaguzi.

Wachoraji nao walilielewa hilo, kwa maana hawakubaki ukutani. Mwezi Juni 2012 walibeba majeneza meusi 49 wakaandamana hadi bungeni, jeneza moja kwa kila mwaka tangu Uhuru, wakiwataka watu wawazike matumbusi kwa kura. Uchaguzi ulifanyika Machi 4, 2013, na viti vingi vilipata watu wapya. Wapya hao hawakumaliza miezi mitatu kabla ya kudai mishahara ya bunge lililopita, baada ya tume ya mishahara kuikata kutoka shilingi 851,000 kwa mwezi hadi 532,000. Mei 14, 2013, Boniface Mwangi na wenzake wakaachia nguruwe mbele ya lango la bunge, na damu ikamwagwa pale chini. Mwezi uliofuata mapatano yalifikiwa: wabunge walikubali 532,000, na kila mmoja akapewa ruzuku ya shilingi milioni 5 ya kununulia gari.