Wino Kupenya Karatasi (katika Kuskani)

Wino kupenya karatasi ni hali ya maandishi ya upande mmoja kujitokeza upande wa pili. Huisumbua skana hasa karatasi inapokuwa nyembamba, kama ile ya barua za ndege iliyoandikwa pande zote mbili. Jina hili hubeba mambo mawili yasiyotibiwa kwa njia moja: huenda wino wenyewe umelowesha karatasi ukatokea nyuma, au umebaki mahali pake na ni mwanga tu unaouonyesha. Hali ya pili ndiyo inayozuilika wakati wa kuskani.

Chanzo chake kikubwa ni kifuniko cha skana, ambacho kwa kawaida ni cheupe kwa ndani. Taa inapomulika, sehemu ya mwanga hupenya karatasi, hugonga kifuniko na kurudi kwenye kihisi. Penye wino wa nyuma mwanga huo humezwa, na kihisi hurekodi kivuli. Msomaji hukipuuza kwa kuwa anafuata maana. Skana haina maana ya kufuata. Ikipangwa itoe nyeusi na nyeupe tu, kila nukta lazima iangukie upande mmoja, na kivuli kilichokolea huwa wino kamili. Hapo programu ya kutambua maandishi huona vipande vya herufi vilivyogeuzwa, ikaongeza herufi ambazo hazikuandikwa.

Dawa ni karatasi ya manila nyeusi, iwekwe juu ya barua kabla ya kufunga kifuniko. Kwa kitabu, huchomekwa nyuma ya ukurasa unaoskaniwa. Weusi huo humeza mwanga uliopenya, hivyo karatasi yote hufifia na kuukaribia weusi wa kivuli.

Tuseme kwenye kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), kifuniko cheupe kimeipa karatasi 235, kivuli 190 na wino wa mbele 80. Kwa manila nyeusi, karatasi huweza kushuka hadi 205 na kivuli kikawa 188. Picha huonekana imefubaa, na wengi hukata tamaa hapo bila sababu. Ikiwa imeskaniwa kwa rangi au kijivu, kwa dpi 300 au zaidi, hufunguliwa katika GIMP kwenye Levels, na alama ya weupe husogezwa hadi 185. Karatasi na kivuli huwa vyeupe, wino hubaki. Alama hiyo isishushwe mno, maana mistari myembamba ya kalamu hufutika pia. Nakala ya awali ihifadhiwe.

Doa lisilofifia juu ya manila nyeusi ni wino uliozama kweli, jambo la kawaida kwa wino wa chuma wa zamani. Ukiwa wa kahawia huku maandishi ya mbele ni meusi, chaneli nyekundu ya picha ya rangi huupunguza. Ukilingana nayo kwa rangi na ukolevu, hakuna mpangilio wa skana utakaoutenganisha. Maandishi hayo hunakiliwa kwa mkono.