Habari za Huko

Katika kitabu cha kumi na tatu cha Odisia, mabaharia wa Fayakia wanamshusha Odiseo pwani ya Ithaka akiwa usingizini, wanamwekea kando zawadi zake za shaba, dhahabu na nguo, kisha wanaondoka. Anapoamka haitambui nchi yake. Amekuwa mbali miaka 20, kumi ya vita vya Troya na kumi ya kuhangaika, na mungu wa kike Athena ameifunika nchi kwa ukungu. Odiseo anajipiga mapaja na kulia kwamba ametupwa ugenini tena. Hapo anatokea kijana mchungaji, ambaye ni Athena mwenyewe aliyejigeuza, anamwambia kwamba hii ndiyo Ithaka. Moyo wa Odiseo unafurahi, lakini kinywa chake kinatoa uongo: anasema yeye ni mtu wa Krete, ameua mtu huko akakimbia.

Kwa hiyo jambo la kwanza analolifanya mwenye nyumba akishajua kuwa yuko kwao ni kuficha alikotoka. Tumezoea kusema kwamba arudiye huwa mgeni kwa sababu mji umebadilika, wazee wamekufa, watoto hawamjui na bei za sokoni zinamshangaza. Hayo yapo, lakini mtu huyazoea. Linaloumiza zaidi ni kwamba yeye ana miaka ambayo waliobaki hawaijui, nao wana miaka asiyoijua yeye, na kila upande unachagua kunyamaza. Simulizi kubwa za marejeo zinatofautiana hasa katika jambo hili: nani anamwambia nani, lini, na kwa gharama gani.

Wagiriki waliamini kwamba arudiye anaweza kuthibitika. Mlezi Eurikleia anamtambua Odiseo kwa kovu la mguuni anapomwosha miguu. Mkewe Penelopi ni mgumu zaidi. Anamwamuru mjakazi akitoe nje kitanda cha bwana, na Odiseo anawaka kwa hasira, kwa kuwa kitanda hicho alikichonga mwenyewe juu ya shina la mzeituni ulioota pale pale, na hakiwezi kusogezwa bila kukatwa. Siri hiyo ni ya watu wawili, nayo inamwondolea mke shaka.

Wasomaji wengi huishia kwenye kitanda. Mimi naona uzito uko katika yanayofuata. Athena anayazuia mapambazuko ili usiku urefuke, na mume na mke wanazungumza. Penelopi anaeleza aliyoyavumilia wachumba walipokuwa wakila mali ya nyumba. Odiseo naye anasimulia yote, tangu vita hadi dhoruba, na hawaachi miungu wa kike Kirke wala Kalipso, ambaye Odiseo alikaa kwake miaka saba. Ni kweli kwamba anawataja kwa namna inayomfaa: Kirke alikuwa na hila, Kalipso alimng'ang'ania naye hakukubali. Lakini majina ameyataja, na Penelopi hakufumba jicho hadi masimulizi yakaisha. Sijui simulizi nyingine ya marejeo inayompa arudiye msikilizaji wa namna hiyo.

Ukitoka hapo ukaingia katika riwaya ya Msudani Tayeb Salih, Mawsim al-Hijra ila al-Shamal, iliyotoka mwaka 1966, unakutana na kijiji kilichojaa wasikilizaji ambao hawapewi kitu. Msimulizi amerudi kwenye kona ya Nile baada ya miaka saba ya masomo Uingereza. Asubuhi anasikia upepo katika mitende, anautazama mtende wa uani, na anajiona ana mizizi kama ule. Furaha hiyo ni ya kweli. Kisha watu wanaanza kumuuliza. Je, kwa Wazungu kuna wakulima? Je, wanawake wao hucheza na wanaume hadharani? Anawajibu kwamba wale watu ni kama sisi tu, huoa na kulea watoto, na wakulima wapo. Moyoni ana mengi zaidi: kwamba nao huzaliwa na kufa, huota ndoto, huogopa wasichokijua. Hayo hayasemi, hata kwa rafiki yake Mahjoub, na baadaye anakiri kwamba kwa kiburi chake alihofia Mahjoub hataelewa. Naiona sentensi hiyo kuwa ndiyo mlango wa kitabu chote. Kijiji hakikumfukuza, yeye ndiye aliyeamua kwamba ndugu zake hawastahili jibu kamili.

Salih anamweka pembeni yake mtu aliyeufikisha ukimya huo mwisho wake. Mustafa Said ni mgeni aliyenunua shamba kijijini, akaoa, akawa mtu wa kuheshimika. Usiku mmoja, akiwa amelewa, anakariri shairi la Kiingereza, na msimulizi anashtuka. Kumbe aliishi London, alimuua mkewe Mwingereza, akafungwa. Ndani ya nyumba yake ya mtoni kuna chumba cha matofali kilichofungwa kwa ufunguo. Kinapofunguliwa, tunaona mahali pa kuotea moto kama pa Kiingereza, katika nchi ya joto la Sudan, na rafu za vitabu zisizo na hata kimoja cha Kiarabu. Kurani yenyewe iliyomo ni tafsiri ya Kiingereza. Miaka yake ya ughaibuni ameijengea kuta, akaishi nje yake.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kuondoka baada ya Mapinduzi, hakuweza kurudi hadi 1984. Katika riwaya yake ya 1996, Admiring Silence, msimulizi asiye na jina anarudi kisiwani baada ya miaka ishirini hivi. Choo kimeziba na maji ni ya shida, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Uingereza ana Emma, Mwingereza, na binti yao aliyekwisha kuwa mkubwa, na hajawahi kuwaandikia wa nyumbani hata neno moja juu yao. Mama yake anamtafutia mchumba. Kwa upande wa pili, Emma na wazazi wake wamelishwa hadithi za nyumbani zilizobuniwa. Mtu huyu ameziba pande zote mbili, kwa hiyo hana pa kurudi wala pa kubaki. Hata mama ana lake: ni katika safari hii ndipo anapomweleza mwanawe habari za baba mzazi, Abbas, aliyetoroka. Mwana anaposema ukweli wake, nyumba nzima inashtuka. Na arudipo Uingereza, Emma anamwacha.

Sisi wa pwani tunaijua nyumba hiyo. Barazani aliyerudi anaulizwa, "Habari za huko?" naye anajibu, "Nzuri, alhamdulillahi," na anayechimba zaidi anaonekana hana adabu. Ndugu aliyekuwa akituma pesa kila mwezi kutoka Maskati au London atasemaje leo kwamba alikuwa akipokezana kitanda na mwenzake wa zamu ya usiku? Adabu yetu inamsitiri, na papo hapo inamwacha peke yake. Penelopi alikuwa na haki ya kuuliza hadi mwisho. Mama wa pwani anayo haki hiyo, lakini huogopa kuitumia, kwa kuwa akiuliza naye ataulizwa.

Wasimulizi wote wawili, wa Salih na wa Gurnah, hatimaye wanasema kila kitu, ila wanatusemea sisi wasomaji, tusiokuwa jamaa zao. Salih anafungua kitabu chake kwa kuwahutubia mabwana fulani ambao hatuwajui. Na maneno hayo yalipofika Sudan kwa njia ya kitabu, wakubwa wa nchi hawakuyataka: kwa kipindi fulani kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika nchi ya mwandishi wake.