“Hispaniki” na “Latino”: juu ya nini maneno haya hayataji rangi ya watu

Familia nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika ziko na ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Siku ya kuandikisha mtoto kwenye masomo, ao ya kujaza karatasi ya hospitali, wanakuta maulizo mawili yanayofuatana. La kwanza linauliza: je, mtu huyu ni wa asili ya Hispaniki ao Latino? La pili linauliza: ni wa rangi gani? Hapo kuna visanduku vya mweupe, mweusi, Mwasia, mwenyeji wa asili wa Amerika na wengine.

Mkongomani wa Uvira anajibu “hapana” kwa ulizo la kwanza, kisha anaweka alama ya mweusi kwa la pili, na anaendelea. Lakini wengi wanabaki wakijiuliza: kama Latino ni watu wa rangi fulani, juu ya nini hawakuwekwa pamoja na rangi zingine? Jibu ni kwamba si rangi. Maneno haya mawili yanachanganya luga, utamaduni na mahali mababu walitoka, na serikali ya Marekani yenyewe ilihangaika karibu miaka mia moja kutafuta mahali pa kuyaweka.

Tuanze na maneno yenyewe. “Hispaniki” linatoka kwa Hispania, inchi ya Ulaya. Linagusa watu wenye asili katika inchi za luga na utamaduni wa Kihispania. “Latino” linagusa mahali: Amerika ya Latini, ni kusema inchi zinazoanza Meksiko mpaka Argentina na visiwa kama Kuba, ambako wakoloni walileta luga zilizozaliwa na Kilatini. Kwa hiyo mwenyeji wa Madrid ni Hispaniki lakini si Latino. Mbrazili ni Latino, lakini kwa wengi si Hispaniki, sababu kwao wanasema Kireno. Mkolombia ni yote mawili. Na kijana aliyezaliwa Texas, asiyejua hata neno moja la Kihispania, anaweza kujiita Hispaniki juu ya nyanya yake aliyetoka Meksiko. Luga peke yake haitoshi, na mahali peke yake hapatoshi.

Kwetu tuko na neno linalofanana kidogo: “frankofone”. Mtu wa Bukavu, wa Dakar na wa Paris wote wanaitwa hivyo, na hakuna mwenye kufikiri kwamba ni watu wa rangi moja.

Wapenda kabumbu wanaweza kuyaona haya kwa macho. Lionel Messi wa Argentina ana mababu waliotoka Italia. Moisés Caicedo wa Ekwado ni mtu mweusi. Alberto Fujimori, aliyekuwa rais wa Peru kuanzia 1990 mpaka 2000, wazazi wake walitoka Japani. Celia Cruz, mwimbaji mkubwa wa Kuba, alikuwa mwanamke mweusi. Huko Kolombia kuna kijiji kinaitwa San Basilio de Palenque, kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka. Luga yao ni ya Kihispania iliyochanganyika na maneno ya Kikongo, juu wengi wa mababu zao walichukuliwa sehemu za Kongo na Angola. Mtu wa Palenque akihamia Marekani atajibu “ndiyo” kwa ulizo la kwanza na “mweusi” kwa la pili, na majibu yote mawili yatakuwa ya kweli.

Marekani ilikwisha kujaribu kufanya jambo hili kuwa rangi, na ilishindwa. Katika hesabu ya watu ya 1930, “Meksiko” iliwekwa kati ya rangi. Wahesabuji waliambiwa kwamba mtu aliyezaliwa Meksiko, ao mwenye wazazi waliozaliwa kule, aandikwe rangi ya Meksiko kama haonekani wazi kuwa mweupe, mweusi, mwenyeji wa asili, Mchina ao Mjapani. Angalia ginsi kazi hiyo ilivyokuwa: anayehesabu anasimama mlangoni, anatazama sura ya mtu, kisha anaamua. Ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuandikwa rangi mbili tofauti, sababu mmoja ngozi yake ni nyeupe kuliko ya mwenzake.

Wamarekani wenye asili ya Meksiko walipinga, na serikali ya Meksiko ikapinga pamoja nao. Hawakulilia heshima tu. Wakati ule, sheria ya Marekani iliruhusu mgeni kupata uraia kama ni mweupe ao ni wa asili ya Afrika. Rangi mpya, isiyokuwa kwa moja wala kwa nyingine, ingeweza kufunga mlango wa uraia. Kwa hesabu ya 1940 kisanduku kile kikaondolewa, na watu wa Meksiko wakaandikwa weupe, isipokuwa wale walioonekana wazi kuwa wenyeji wa asili ao wa rangi nyingine. Kwa hiyo muntu yuleyule, ndani ya nyumba ileile, alilala akiwa wa rangi moja akaamka akiwa wa nyingine, na damu yake haikubadilika hata tone.

Kisha likaja tatizo la pili. Kama wote wanaandikwa weupe, utajuaje ni wangapi wanaonyimwa kazi ao nyumba? Mwaka wa 1970 sehemu ndogo ya wakaaji, 5 kwa mia, iliulizwa kama asili yao ni Meksiko, Puerto Riko, Kuba, ao Amerika ya Kati na ya Kusini. Hapo kukatokea kosa la kuchekesha: Wamarekani wengine wanaokaa katikati ao kusini mwa inchi yao wenyewe walifikiri ndio wanaulizwa, wakaweka alama. Hesabu ikaharibika kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa bila kufikiri sana.

Mwaka wa 1976 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuagiza hesabu za watu wenye asili ya Kihispania. Mwaka uliofuata, ofisi ya bajeti ya Ikulu ikatoa maelezo ya neno Hispaniki: mtu wa utamaduni ao asili ya Meksiko, Puerto Riko, Kuba, Amerika ya Kati ao ya Kusini, ao utamaduni mwingine wa Kihispania, hata awe wa rangi gani. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanabeba uzito wote. Mwaka wa 1980 ulizo likawekwa kwa kila mkaaji, peke yake, mbali na ulizo la rangi. “Latino” liliongezwa kwenye kanuni mwaka wa 1997.

Je, mambo yalinyooka? Hapana, na kisa cha Wabrazili kinaonyesha juu ya nini. Kanuni inafuata utamaduni wa Kihispania, na Brazil ni ya Kireno. Kwa hiyo Mbrazili akiweka alama ya “ndiyo”, kisha akaandika “Mbrazili” kwenye mstari wa chini, wafanyakazi wa takwimu hubadilisha jibu lake kuwa “hapana”. Yeye hajui. Katika uchunguzi wa wakaaji wa 2019, Wabrazili waliobaki kwenye hesabu kama Hispaniki ao Latino walikuwa karibu 14 000 tu. Katika ule wa 2020, kwa makosa, ile kazi ya kubadilisha majibu haikufanyika. Hesabu ikapanda ghafla mpaka 416 000. Mwaka wa 2021 kazi ikarudishwa, na hesabu ikashuka tena karibu 16 000.

Wabrazili laki nne hawakuingia na kutoka Marekani ndani ya miaka miwili. Ni kosa lililofunua ukweli: Wabrazili wengi wanajiona Latino, na kila mwaka ofisi inawafuta. Mtu anayesoma takwimu akikuta kundi limepanda hivyo mwaka mmoja na kushuka mwaka unaofuata, aulize kwanza ni nani alibadilisha kanuni ya kuhesabu, kabla ya kuuliza ni nani alizaa ao kuhama.

Upande wa rangi nao ulicheza vilevile. Mwaka wa 2010, zaidi ya nusu ya watu wa Hispaniki ao Latino walihesabiwa weupe peke yake, karibu milioni 26.7. Mwaka wa 2020 hao wakabaki karibu milioni 12.6, hata kama kundi lote liliongezeka kutoka milioni 50.5 mpaka milioni 62.1. Sehemu kubwa ya sababu iko kwenye karatasi. Mara hii chini ya kisanduku cha mweupe na cha mweusi kuliwekwa mstari wa kuandika asili, na majibu yalisomwa kwa urefu kuliko zamani. Aliyeweka alama ya mweupe kisha akaandika “Meksiko” alihesabiwa kuwa wa rangi mbili: mweupe na “rangi nyingine”. Na zaidi ya 4 kati ya 10 walihesabiwa “rangi nyingine” peke yake, juu visanduku vile havikufanana na namna wanavyojiona.

Kwa sababu hiyo, Mwezi wa 3, 2024, serikali ilitangaza kanuni mpya: maulizo mawili yafanywe ulizo moja linalouliza “rangi na/ao asili”, Hispaniki ao Latino kikiwa kisanduku kando ya mweusi, mweupe na wengine, na mtu aweke alama nyingi sawa anavyotaka. Ilipangwa kutumika kwa hesabu ya watu ya 2030. Wengine wamefurahi, sababu watu hawatalazimishwa kujitafutia rangi. Watetezi wa Walatino weusi wana wasiwasi, na wasiwasi wao una msingi. Zamani mtu mweusi wa Jamhuri ya Dominika alijibu mara mbili, hakuweza kupotea. Sasa akiona jina lake kwenye kisanduku cha Latino ataweka alama pale na kuacha, na kwenye hesabu ya weusi hatakuwemo. Zaidi ya yote, kisanduku kikikaa kwenye mstari mmoja na rangi, msomaji wa haraka ataamini kwamba ni rangi.

Kwa ndugu wa Kongo walio kule, jibu halibadiliki. Wanaweka alama ya mweusi, na chini yake kuna mahali pa kuandika inchi ya asili kwa mkono wao wenyewe.