Sukari ya Saa Nane Usiku: Upimaji wa Kisukari cha Kongosho Ufipa

Kisukari kinachofuata uvimbe sugu au upasuaji wa kongosho kimejadiliwa zaidi kuhusu chanzo chake. Swai, McLarty na wenzao walikanusha mwaka 1992, kwa ushahidi wa kijiji cha Tanzania, kwamba sumu ya muhogo husababisha kisukari. Kuhusu upimaji hatujabishana vya kutosha, na mazoea yameachwa yatawale: mgonjwa afike kliniki asubuhi kabla ya kula, atobolewe kidole, arudi mwezi ujao. Kwa mgonjwa huyu napinga mazoea hayo.

Katika aina ya kwanza ya kisukari, kinga ya mwili huharibu chembe za beta zinazotengeneza insulini. Katika aina ya pili, mwili huikaidi insulini. Kongosho lililokakamaa au kukatwa hupoteza pia chembe za alfa, ambazo hutoa glukagoni, homoni inayoliamuru ini liachie sukari inaposhuka. Vimeng'enya navyo hupungua, chakula kikasagwa nusunusu, na sukari hupanda leo isipande kesho kwa sahani ileile.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mkulima wa nje ya Sumbawanga mwenye uvimbe sugu wa kongosho, anayechoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Kliniki, saa mbili asubuhi, ana milimoli 6.2 kwa lita, na anasifiwa. Nyumbani amekula ugali na maharage saa moja jioni. Saa tatu usiku ana 13.8. Saa nane usiku, insulini ya jioni ikiwa bado na nguvu, ana 3.1 na shuka limelowa jasho. Hadi asubuhi insulini imefifia na sukari imepanda tena, kwa hiyo kipimo cha kliniki hakikuona lolote. HbA1c nayo ingeweza kumpotosha daktari: ni wastani, huficha kupanda na kushuka, na malaria inayovunja chembe nyekundu huishusha.

Watasema vitepe ni ghali. Ni kweli, na ndiyo sababu tusivimalizie asubuhi. Vinne kwa wiki, vyote katika usiku mmoja, vinatosha kuanzia: kabla ya ugali, saa mbili baada yake, wakati wa kulala na saa nane usiku. Glukomita nyingi hazifanyi kazi chini ya nyuzi 10. Usiku wa Julai Ufipa, glukomita ikae ndani ya blanketi kwanza.

Kwa matokeo ya mkulima wetu, dozi ya jioni ipunguzwe kabla ya kuihangaikia ile 13.8. Akianzishiwa vimeng'enya, usiku huo urudiwe ndani ya wiki ileile: wanga utaanza kufyonzwa vizuri, na dozi iliyokuwa nyingi huenda ikawa ndogo.