Uakisi kamili wa ndani

Uakisi kamili wa ndani hutokea pale mwanga uliomo ndani ya kioo unapofika mpakani na kushindwa kutoka, ukarudi wote ndani. Mwale lazima ugonge mpaka kwa pembe inayozidi pembe kizingiti, c, ambayo hupimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya mpaka. Ikiwa kipimo cha mpindo cha ndani ni n1 na cha nje ni n2, na n1 ndicho kikubwa, basi:

sin c = n2 / n1

Kwa kioo cha 1.5 kilichozungukwa na hewa, c ni nyuzi 41.8. Pembe hiyo haionekani kwa kutazama pande mbili sambamba za bloku ya mstatili, kwa kuwa mwale ulioingilia upande mmoja hutokea ule wa pili daima. Bloku ya nusu duara ndiyo inayofaa.

Faiba inayopanda ngazi za maghorofa ya Kariakoo, sawa na ile ya mkongo wa baharini wa SEACOM uliozinduliwa Julai 2009 na kutia nanga Dar es Salaam, haitegemei hewa. Kiini chake, chenye upana wa mikroni 9 hivi, kimefunikwa kwa gamba la kioo pia. Tuchukue kiini cha 1.449 na gamba la 1.444. Uwiano wake ni 0.9965, na c inakuwa nyuzi 85.2. Mwanga basi hauna budi kwenda karibu sambamba na waya, usizidi nyuzi 4.8 kutoka kwenye mhimili.

Nafasi hiyo ni finyu, na hapo ndipo mafundi wanapopata kazi. Waya ukikunjwa kwenye kona ya ukuta au ukibanwa na mlango wa duka, mwanga hugonga gamba kwa pembe ndogo kuliko c na sehemu yake huvuja. Hesabu ya miale pekee ingeruhusu mkunjo wa nusu kipenyo cha milimita 1.3 hivi, lakini faiba ya kawaida ya G.652 huanza kuvuja kwenye mikunjo mipana zaidi, na desturi ni kutoshuka chini ya milimita 30. Sababu ni kwamba mwanga ni wimbi, na kwenye kiini chembamba hivyo sehemu yake husafiri ndani ya gamba. Wimbi refu hutanuka zaidi, likavuja mapema.

Tofauti hiyo humsaidia fundi. Hupima upotevu kwa nanomita 1310, kisha 1550. Ukiwa mkubwa zaidi waziwazi kwenye 1550, atafute mkunjo. Ukikaribiana, ashuku kiungo au kichwa kichafu. Kwa umbali mfupi, taa nyekundu ya kupimia hung'aa kupitia ganda jembamba pale waya ulipokunjwa. Katika majengo yenye kona nyingi, faiba ya aina ya G.657 ndiyo ya kuchagua.